Soma Saa, Acha Majina ya Miji: Je, Meli ya Kitalii Inakufaa?

Tangazo la safari ya meli ya kitalii huuza majina ya miji. Barcelona, Palma, Marseille, Florensi, Roma, Napoli, kisha Barcelona tena. Usiku saba, nchi tatu, na bei ambayo ukiigawa kwa siku inakaribia ile ya hoteli ya kawaida, ilhali humu chakula kimo na michezo imo. Msomaji anayapitia majina, moyo unamdunda, anatoa kadi ya benki. Ninamwomba asubiri kidogo. Ayaache majina na asome safu iliyo kando yake, ile ya maandishi madogo, inayosema meli inafika kila bandari saa ngapi na inaondoka saa ngapi. Safari atakayoishi imeandikwa humo.

Swali la kama meli inafaa naulizwa sana na jamaa wanaoishi Uingereza na Ulaya, na siku hizi hata na walioko Ghuba, kwa sababu katika miezi ya baridi meli kubwa huja kukaa Dubai, Abu Dhabi na Doha na kuzungukia bandari za jirani. Wengi wanauliza kuhusu bei, viza na nguo. Wachache wanauliza jambo ambalo ndilo linaloamua kama mtu atarudi amefurahi au amechukia: tabia yake mwenyewe. Naamini kwa dhati kwamba anayelipia safari ya meli ananunua meli, na miji ni nyongeza. Anayeipenda meli atafurahi hata mvua ikinyesha Marseille mchana kutwa. Anayependa miji anaweza kurudi na kiu aliyoondoka nayo, pengine imezidi.

Nina mfano wa karibu. Dada yangu na shemeji walikwenda njia hiyohiyo niliyoitaja, chumba kimoja, wiki moja, bei moja. Dada ni muuguzi nchini Uingereza na zamu zake nyingi ni za usiku. Shemeji ni fundi umeme, na likizo kwake ni kutembea kwa miguu katika mji asioujua mpaka apotee, akae kwenye mkahawa wa uchochoroni, arudi usiku. Nimewasikiliza wote wawili, na wanaposimulia huwezi kuamini walikuwa pamoja.

Tuanze na siku ya Roma, kwa sababu ndiyo inayouza tiketi nyingi. Katika ratiba huandikwa Roma kwa herufi kubwa, na pembeni Civitavecchia kwa herufi ndogo. Civitavecchia ni mji wa bandari ulio umbali wa kilomita 80 hivi kutoka Roma. Tuseme meli inafunga gati saa 1 asubuhi na kung'oa nanga saa 1 usiku. Kwenye karatasi hizo ni saa 12, na mtu anajiambia kwamba saa 12 zinamtosha.

Sasa tuzihesabu. Meli ikigusa gati, ngazi haifunguliwi papo hapo. Taratibu za bandari humalizwa kwanza. Kisha hutangulia vikundi vilivyolipia matembezi yanayoandaliwa na meli, na nyuma yao kuna maelfu ya watu wanaosubiri lifti zilezile. Ukiwa mwepesi, saa 2 unakanyaga nchi kavu. Bandari ni kubwa, kwa hiyo unapanda basi linalokutoa hadi nje ya geti, na kutoka hapo kuna mwendo mwingine hadi stesheni. Foleni ya tiketi ikiwa fupi, utawahi treni ya kama saa 3. Treni ya kawaida inachukua saa moja na robo hivi kufika Termini, stesheni kuu ya Roma. Anayekwenda Vatikano hushuka mapema kidogo, San Pietro. Kwa hiyo ni saa 4 na robo unapoanza kuiona Roma.

Sasa rudi kinyumenyume kutoka jioni. Saa 1 usiku ni saa ya meli kuondoka. Saa ya abiria wote kuwa ndani ni nusu saa au saa nzima kabla ya hapo, kwa hiyo ishike saa 12 jioni. Treni huweza kuchelewa na siku ya mgomo zikapungua, na mtu mwangalifu hujiachia akiba. Basi saa 9 na nusu alasiri inafaa uwe umeketi kwenye treni ya kurudi. Kutoka saa 4 na robo mpaka saa 9 na nusu ni saa tano na robo. Toa chakula cha mchana, toa metro ya kutoka Kolosei hadi Vatikano, toa foleni za ukaguzi wa mizigo. Umebaki na muda wa kuona jambo moja vizuri au mambo matatu kwa nje.

Dada alilijua hilo kabla ya kuondoka nyumbani. Alinunua tiketi ya Kolosei mtandaoni wiki kadhaa mapema, yenye saa maalumu ya kuingia, akaiona kwa utulivu, akatafuta kivuli, akala aiskrimu, akarudi zake. "Nimeiona Kolosei, mdogo wangu," aliniambia, "nyingine zipo, hazihami." Shemeji alikuwa naye hatua kwa hatua na siku ile ilimuumiza. Kila uchochoro waliopita alitaka kuingia. Alipoanza kuusikia mji, ndipo saa ya kugeuka ilipofika. "Shemeji," alisema, "Roma nimeiona kama mtu anayepita Kariakoo ndani ya daladala isiyosimama."

Hapo ndipo pa kujipima kwanza. Kumbuka mara ya mwisho ulipolazimika kuondoka mahali pangali patamu: harusini, Unguja wikiendi, nyumbani kwa rafiki. Kuna watu ambao huondoka na ladha mdomoni na hiyo inawatosha. Wengine hubaki na kinyongo cha siku mbili. Katika wiki ya meli, jambo hilo hutokea karibu kila alasiri, bandari baada ya bandari. Asiyelivumilia mara moja hatalivumilia mara tano.

Kuna pia suala la wasiwasi, na hili halionekani kwenye picha. Ukitoka na matembezi yaliyoandaliwa na meli, basi likikwama barabarani, meli itawasubiri au kampuni itagharimia kuwafikisha bandari inayofuata. Ukitoka kivyako na ukachelewa, meli inakwenda, na tiketi ya kuifuata ni juu yako. Kwa hiyo kila asubuhi unachagua. Unaweza kwenda na kikundi cha watu arobaini nyuma ya kijibao chenye namba, ukilipa zaidi, ukisimama pale kiongozi anaposimama. Au unaweza kwenda peke yako ukitazama saa mchana mzima. Dada hakuona ubaya wa kufuata kijibao. Kazini yeye ndiye anayeongoza wengine, na kuongozwa kulikuwa pumziko. Shemeji alijaribu siku moja tu. Kama wewe ni mtu wa kutazama saa hata ukiwa umeketi kwenye kahawa, jiulize kwa makini siku tano za aina hiyo zitakuacha katika hali gani. Na ukiwa njia inayovuka kanda za saa, shika saa ya meli, kwa maana simu hujibadilisha yenyewe ikifika pwani na imewaponza wengi.

Bandari hazifanani, na hapa mtu mwenye hulka ya shemeji anaweza kujiokoa. Bandari ya La Spezia hutangazwa kama mlango wa Florensi, wakati kutoka hapo hadi Florensi ni zaidi ya saa mbili kwa treni, kwenda tu. Lakini kutoka stesheni hiyohiyo, Riomaggiore, kijiji cha kwanza cha Cinque Terre chenye nyumba za rangi zilizopandana juu ya jabali, ni dakika chache. Anayeacha jina kubwa na kuchukua lililo karibu hupata siku nzima. Napoli ndiyo bora kabisa kwa watembea kwa miguu: meli hufunga gati katikati ya mji, mbele ya ngome ya Castel Nuovo, na ukishuka tayari uko mjini. Siku ya Napoli shemeji alifurahi. Alipotelea kwenye mitaa ya Spaccanapoli, akala piza amesimama, akarudi melini jasho likimtoka na uso unang'aa. Kwenye njia za kaskazini mwa Ulaya utakuta Le Havre imeandikwa Paris, na katikati yake kuna kilomita kama 200. Kwa hiyo kila ratiba ichukue na ramani, bandari moja moja, na uandike kando ya kila jina saa halisi utakazokuwa mahali unapopataka. Kazi hiyo inachukua jioni moja, na inasema mengi kuliko video kumi za matangazo.

Jua pia kwamba ratiba si ahadi. Upepo mkali ukivuma, nahodha anaweza kuiruka bandari, na mkataba unampa haki hiyo. Kwa kawaida utarudishiwa ushuru wa bandari tu. Kati ya Barcelona na Marseille kuna Ghuba ya Simba, ambako upepo wa kaskazini uitwao mistrali huvuma kwa nguvu. Kwingine, kama Santorini, meli haifungi gati kabisa: hutia nanga nje na watu hushushwa kwa mashua, halafu hupanga foleni ya gari la kamba la kupandia mlimani, na bahari ikichafuka mashua hazitoki. Ikiwa sababu pekee ya kulipia safari ni bandari moja fulani, nenda bandari hiyo kwa ndege.

Nageukia siku ya bahari, kwani ndiyo kipimo kikubwa zaidi cha tabia. Katika njia hii ni moja tu, kutoka Napoli kurudi Barcelona. Ratiba ya siku huletwa chumbani usiku wa kuamkia, au huonekana kwenye programu ya simu. Ukiisoma unaweza kudhani hutapata nafasi ya kupumua: mazoezi ya viungo asubuhi, chemsha bongo saa 4, somo la kudansi, tangazo la nahodha saa 6 mchana akieleza mwendo na kina cha bahari, bingo, mnada wa picha, chai ya alasiri, filamu, muziki. Kila kitu ni cha nusu saa au saa moja, na kila kitu ni chepesi. Hakuna kinachokudai, na hakuna kinachokwenda ndani.

Dada aliisoma ratiba ile, akaiweka chini, akalala mpaka saa 4. Akala. Akajitafutia kiti upande wenye kivuli, sitaha ya chini ambako watu hupita tu, akaitazama bahari mpaka mchana. Alasiri aliingia kwenye chemsha bongo na mabibi wawili wa Kiskoti asiowajua, wakashinda vifungio vya funguo, na mpaka leo wanaandikiana. Alichopenda zaidi, anasema, ni kwamba siku nzima hakuamua jambo lolote isipokuwa chai au kahawa. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuamua saa 3 usiku nani aonwe na daktari kwanza, hilo ni dawa.

Shemeji aliamka saa 12 asubuhi. Akazunguka sitaha. Akala, akazunguka tena. Saa 4 akaenda kwenye bwawa, akakuta viti vyote vimetandikwa taulo na wenyewe hawapo. Hiyo ni kero ya kila meli kubwa, kanuni zipo lakini usimamizi hutofautiana. Muziki wa bwawani ulikuwa juu. Akaingia ndani, madukani kumejaa, kwa sababu maduka na kasino hufungwa meli ikiwa bandarini na hufunguliwa ikishatoka nje, kwa hiyo siku ya bahari ndiyo siku ya mauzo. Kufikia saa 8 mchana aliona kuta zinamsogelea. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na hasira na mtu. Alikosa kitu kimoja tu, mlango wa kutokea.

Kipimo cha siku ya bahari unaweza kukifanya bila kupanda meli. Fikiria Jumapili ya mvua katika hoteli kubwa iliyojaa, intaneti ni ya kulipia na ya polepole, na huwezi kutoka hadi kesho asubuhi. Ukisikia raha ukisoma sentensi hiyo, chagua hata njia yenye siku nyingi za bahari. Ukisikia kifua kinabana, tafuta njia isiyo nayo au iliyo na moja, na usimwamini anayekuambia kwamba meli ni kubwa mno hutaona. Anayetaka kuujua mwisho wa jambo hili aitazame Queen Mary 2, inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York tangu 2004. Safari yake ya kawaida ni usiku saba bila bandari hata moja katikati. Wanaokwenda magharibi hurudisha saa nyuma usiku tano kati ya hizo, na hivyo kupata siku tano zenye saa 25. Kuna watu hulipia hilo mwaka baada ya mwaka, kwa sababu saa ile ya ziada isiyo na kazi ndiyo wanayoitamani.

Lipo jambo ambalo wageni wa meli hawalijui: siku ya bandari, meli huwa tupu. Mtu mkimya aliyechoshwa na umati anaweza kubaki ndani Marseille au Palma wenzake wakishuka, na akapata bwawa, viti na wahudumu kama vyake peke yake. Dada alifanya hivyo Marseille, ambako gati liko mbali na mji wenyewe. Shemeji alishuka. Jioni walikutana, kila mmoja ana la kusimulia, na nadhani ile ndiyo siku iliyoiokoa safari yao kama mke na mume. Wenye tabia mbili tofauti wasilazimishane kushuka pamoja kila bandari.

Burudani za usiku ni sura nyingine tena. Ukumbi wa maonyesho huwa na onyesho lilelile mara mbili kwa usiku, ili waliokula mapema na waliokula baadaye wote waone. Waimbaji na wanasarakasi wa meli kubwa ni mahodari kwelikweli, na meli nyingine zina hata uwanja wa barafu. Ila onyesho limetengenezwa lieleweke na babu wa Ujerumani na mtoto wa Brazili kwa pamoja, kwa hiyo ni rangi, sauti na nyimbo zinazojulikana. Mpenzi wa tamthilia nzito au wa taarabu ya kusikiliza maneno hatashiba. Kwenye meli kubwa zaidi, maonyesho mengi yanahitaji kuwekewa nafasi mapema kwa simu, na nafasi hujaa. Asiyependa kupanga jioni zake wiki mbili kabla ajue hilo.

Chakula cha jioni nacho kina tabia yake. Kwa utaratibu wa zamani, unapewa saa maalumu na meza ya watu sita au wanane, na mnakula pamoja usiku zote. Wapo wanaoona hiyo ndiyo raha ya meli. Wengine usiku wa pili tu hukimbilia bufee. Unaweza kuomba meza ya wawili au saa huria, lakini omba wakati wa kulipia, kwani ukiingia melini unakuta foleni ya wenye ombi kama lako. Katika wiki kuna usiku mmoja au miwili ya mavazi rasmi, na kwa kawaida mavazi rasmi ya taifa lako hukubalika: kanzu na kofia, au gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, utaingia nalo bila neno. Asiyetaka shughuli hiyo anakula kwingine usiku huo.

Kwa wasomaji Waislamu kuna la kupima kabla ya yote. Pombe huuzwa karibu kila ukumbi, kasino iko katikati ya njia, na bufee ina nyama ya nguruwe pembeni mwa nyinginezo. Baadhi ya kampuni huandaa chakula halali ukiomba mapema, nyingine haziahidi, kwa hiyo pata jibu kwa maandishi kabla ya kulipa. Wengi huishi wiki nzima kwa samaki, mayai na mboga bila taabu. Swali ni moyo wako: ukiketi penye glasi za wenzako, unaendelea na habari zako au unakosa raha? Dada yangu aliswali chumbani wiki nzima. Kibla kilibadilika kila meli ilipogeuka, naye alikitafuta kwa kutazama runinga ya chumbani, ambayo ina chaneli inayoonyesha ramani, mahali meli ilipo na upande inakoelekea. Usiku wa upepo, anasema, aliswali ameketi.

Na kuhusu upepo, watu wa pwani yetu huwa na hofu inayotokana na boti. Aliyetapika kati ya Dar es Salaam na Unguja hudhani wiki nzima baharini itamuua. Boti ile ni ndogo na ya kasi, hurushwa na kila wimbi. Meli ya mita 300 ina mapezi ya chuma chini ya maji yanayopunguza kuyumba upande kwa upande. Hayafanyi mengi dhidi ya kuinuka na kushuka kwa omo na tezi, ndiyo maana chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, hutikisika kidogo kuliko cha juu kabisa mbele. Kichefuchefu hutokea kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho, ndani ya chumba kilichofungwa, hayauoni. Kutoka nje na kuukazia macho upeo wa bahari husaidia wengi. Chumba kisicho na dirisha ndicho cha bei rahisi zaidi, na kina giza totoro hata saa 6 mchana. Mwenye usingizi wa shida hulala humo kama mtoto. Anayehitaji kuona mwanga ili ajue siku imeanza ataumia, na kwake fedha ya dirisha ni bora kuliko fedha ya kifurushi cha vinywaji.

Wengi hushauriana kujaribu kwanza safari fupi ya usiku tatu. Mimi sipendi sana ushauri huo. Safari fupi huvuta vikundi vya sherehe, kelele ni nyingi, na mara nyingi haina siku kamili ya bahari, kwa hiyo inakupima katika jambo ambalo hutakutana nalo na kuacha lile utakalokutana nalo. Kwa anayeishi Ulaya, jaribio zuri ni feri kubwa za usiku kati ya Stockholm na Helsinki: zinaondoka jioni, zina vyumba, bufee, muziki na maduka, na zinafika asubuhi. Ukirudi nayo usiku unaofuata, umepata usiku mbili na mji mmoja kwa saa chache kati yake, ambayo ndiyo meli ya kitalii kwa ufupi wake. Angalia tu ulijisikiaje saa ya kurudi bandarini.

Anayejigundua kuwa wa kundi la shemeji bado ana njia. Zipo meli ndogo zenye abiria mia chache, zinazoingia bandari finyu na mara nyingine kulala bandarini usiku mzima. Ni ghali zaidi na burudani zake ni mpiga piano mmoja na kitabu. Zipo pia ratiba za meli kubwa zenye usiku mmoja wa kulala bandarini, ukizitafuta. Na ipo treni. Kwa bei ya wiki ile, ukijumlisha bakshishi ambayo kampuni nyingi za Kimarekani hukata kati ya dola 15 na 20 hivi kwa kila mtu kila usiku, pamoja na intaneti na matembezi, shemeji angekaa usiku nne Napoli na tatu Roma, kula barabarani, na kupotea kadiri atakavyo. Mwaka huu ndivyo anavyofanya. Dada anakwenda Norway kwa meli na wifi yake, njia yenye siku mbili za bahari, na chumba amechagua cha katikati, sitaha ya chini, chenye dirisha.

Kazi hii ya kuhesabu saa na kujiuliza ifanye mapema. Ukiweka nafasi unalipa amana, na malipo kamili hudaiwa miezi miwili au mitatu kabla ya safari, wakati mwingine zaidi. Baada ya tarehe hiyo, kila wiki inayopita fidia unayopoteza ukighairi huongezeka, mpaka siku za mwisho ambapo hurudishiwi kitu. Tarehe hiyo iko kwenye karatasi ya kwanza unayotumiwa; iandike kwenye kalenda, na juma moja kabla yake keti na yule mtakayesafiri naye, kila mmoja na ratiba yake na kalamu, mkiandika saa bila kuoneshana kwanza.